Pima kidole kwa karatasi kabla ya kuagiza pete

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Siku hizi chanda kiko Mombasa, Lamu au Malindi, na pete inanunuliwa Dubai au Maskati na kaka au mchumba anayefanya kazi huko. Ikifika haipiti kwenye kifundo, au inazunguka kidoleni kama bangili, huletwa kwangu mimi sonara. Pete tupu hainisumbui. Kuipunguza, naikata, naondoa kipande kidogo na kuiunga kwa moto. Kuiongeza, mwenyewe hulipia dhahabu ya ziada. Lakini pete iliyozungushiwa vijiwe pande zote sina pa kuikata, na mara nyingi humrudisha mtu na pete yake mkononi.

Balaa lote hilo huzuilika kwa ukanda wa karatasi, rula na kalamu yenye ncha nyembamba.

Kata karatasi ya kawaida iwe na upana wa nusu sentimita hivi na urefu wa sentimita kumi. Usitumie uzi. Uzi huvutika na huzama kwenye nyama ya kidole, kwa hiyo kipimo hutoka kidogo kuliko ukweli. Zungusha karatasi kwenye shina la kidole, pale pete itakapokaa. Ikaze kiasi cha kugusa ngozi bila kuibana, kisha weka alama pale ncha ya mwanzo inapokutana na karatasi iliyoipita. Kipande kilichozidi hakihesabiwi.

Ikunjue, uilaze kwenye rula na usome kwa milimita kutoka ncha hadi alama. Anza kwenye sufuri, si kwenye ukingo wa rula, kwa maana rula nyingi za plastiki zina nafasi kidogo kabla ya sufuri. Urefu huo ndio mzingo wa kidole. Rudia kazi yote mara tatu. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya milimita moja, karatasi ilikuwa ikiteleza au mkono wako unabadilisha mkazo.

Kisha zungusha karatasi kwenye kifundo, maana pete lazima ipite hapo kwanza. Hapa ndipo wengi wanapokosea: hupima shina peke yake.

Chukua mfano wa bibi harusi ambaye shina la kidole chake lina milimita 52 na kifundo 55. Ukifuata shina, pete itagoma kwenye kifundo. Ukifuata kifundo, itapita vizuri lakini itacheza ikishafika chini. Mimi huchukua kati ya viwili hivyo, nikiegemea kifundo: milimita 54. Ngozi ya kifundo husogea, kwa hiyo pete itapita kwa kusukumwa kidogo na itatulia mahali pake.

Sasa tafuta kipenyo, yaani upana wa tundu la pete kwa ndani. Gawanya mzingo kwa 3.14:

54 ÷ 3.14 = 17.2

Kipenyo ni milimita 17.2. Kwa saizi za Kimarekani, ambazo maduka mengi hutumia, saizi 7 ina kipenyo cha takriban 17.3, basi bibi harusi huyu ni saizi 7. Lau angepimwa shina peke yake, 52 ingetoa 16.6, na hiyo ni karibu na saizi 6. Tazama jinsi pengo lilivyo dogo: kutoka saizi moja hadi inayofuata, kipenyo huongezeka kwa milimita 0.8 tu, na mzingo kwa milimita mbili na nusu hivi. Ndiyo maana kipimo cha kukisia hakifai.

Angalia pia saa na hali ya hewa. Vidole hunywea asubuhi penye ubaridi au baada ya kushika maji baridi, na huvimba wakati wa joto la kaskazi au baada ya kazi nzito. Pima jioni, mkono ukiwa umetulia. Na kama pete ni pana, milimita 6 au zaidi, chukua nusu saizi juu, maana pete pana hubana eneo kubwa la kidole.

Unapotuma ujumbe, usiandike namba peke yake. Katika baadhi ya nchi za Ulaya mzingo wa ndani kwa milimita ndio saizi yenyewe, kwa hiyo 54 huko ni saizi kamili, ilhali muuzaji wa saizi za Kimarekani haitambui. Andika hivi: "Mzingo wa ndani milimita 54, kipenyo cha ndani milimita 17.2." Muuzaji yeyote mwenye kijiti cha kupimia pete ataelewa, na kaka yako hatalazimika kukisia kwa kuvaa pete ya kike kwenye kidole chake kidogo.