Asilimia 40 ambazo hazikuwapo

Mwaka 1999 jarida la kitabibu la New England lilichapisha utafiti uliozua mjadala mkubwa Marekani. Madaktari 720 walionyeshwa video za waigizaji waliojifanya wagonjwa wenye maumivu ya kifua, kisha wakaulizwa iwapo wangewapeleka kwenye kipimo cha kuingiza mrija mwembamba hadi moyoni. Vyombo vya habari vikatangaza kwamba uwezekano wa mgonjwa mweusi kupelekwa ni mdogo kwa asilimia 40 kuliko wa mzungu.

Matokeo yenyewe yalikuwa haya: weusi asilimia 84.7, wazungu 90.6. Tuyaweke kwa wagonjwa 1,000 wa kila upande, katika jedwali la safu mbili kwa mbili:

| | Walipelekwa | Hawakupelekwa |
|---|---|---|
| Weusi | 847 | 153 |
| Wazungu | 906 | 94 |

Msomaji wa kawaida angegawa 847 kwa 906 na kupata 0.93. Huo ndio uwiano wa hatari, ingawa hapa "hatari" ni uwezekano tu wa jambo kutokea. Pengo ni takriban asilimia 7. Ubaguzi upo, na kwa mwenye moyo unaouma asilimia 7 si kitu kidogo, lakini 40 haionekani popote.

Watafiti walikuwa wamepiga hesabu nyingine. Waliopelekwa hawakugawiwa kwa wagonjwa wote, bali kwa wasiopelekwa. Kwa weusi, 847 kwa 153 ni 5.5, kwa wazungu, 906 kwa 94 ni 9.6. Mgawo wa namna hii tuuite odi. Ukigawa 5.5 kwa 9.6 unapata karibu 0.6, yaani uwiano wa odi. Hesabu ni sahihi. Waandishi ndio waliosoma 0.6 kana kwamba ni uwiano wa hatari.

Tofauti imekuwa kubwa kwa sababu karibu kila mgonjwa alipelekwa. Namba ya chini ya mgawo, wale wasiopelekwa, ni ndogo, na ikibadilika kidogo odi hubadilika sana. Kwa hiyo kabla ya kuamini uwiano wa odi, tafuta asilimia za kila kundi.

Kwa nini basi utumike? Mwaka 1950 Doll na Hill, Uingereza, walilinganisha wanaume 649 wenye saratani ya mapafu na 649 wasio nayo. Wasiovuta sigara walikuwa 2 upande wa kwanza, 27 upande wa pili. Idadi ya wagonjwa walikuwa wameichagua wenyewe, hivyo huwezi kusema mvutaji mmoja kati ya wangapi huugua; uwiano wa hatari haupatikani moja kwa moja. Uwiano wa odi unapatikana: 647 mara 27, gawa kwa 622 mara 2, ni 14. Na kwa kuwa saratani hiyo huwapata wachache katika jamii, waliougua kwa wote na waliougua kwa wasiougua ni karibu namba moja, hivyo 14 hiyo inaweza kusomwa kama uwiano wa hatari.