Depo imechelewa: amandi inahesabiwa namna gani?

Ndugu wakulima, katika vikao vyetu na koperative swali moja linarudi kila mara: antreprenere alipewa pesa, alipewa siku, siku zikapita, depo haijaezekwa. Mahindi iko njiani. Tumudai nini, na kwa haki gani?

Jibu linaanzia kwenye kontra, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Sheria yetu ya mikataba, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema kwamba mkataba uliofanywa vizuri ni sheria kwa wale walioufanya. Njo maana mnaweza kuandika mapema: kila siku ya kuchelewa, antreprenere atalipa kiasi fulani. Hiyo tunaita amandi ya kuchelewa. Si azabu ya serikali. Ni hasara ambayo pande mbili zimeihesabu na kuikubali mbele ya wakati, ili kesho musianze kubishana juu ya kila gunia lililooza.

Kiasi cha siku kinatoka wapi? Kinatoka katika hasara yenyewe. Tuchukue mfano wa koperative inayojenga depo kwa dola 24 000. Kama depo haiko tayari wakati wa mavuno, watakodi nyumba ya mtu kwa dola 300 kwa mwezi, ni kusema dola 10 kwa siku. Walinzi wawili ni dola 4 kwa siku. Kubeba magunia hadi kule na kuyarudisha ni kama dola 10 kwa siku. Jumla ni dola 24. Hiyo ni sehemu moja kwa elfu ya bei ya kazi, kiasi ambacho maantreprenere wengi wanakijua na wanakikubali. Andikeni hesabu hiyo kwenye karatasi, na muitunze pamoja na kontra. Siku mtakapoulizwa kwa nini dola 24, jibu liko mkononi.

Sasa tufuate mfano wetu hadi mwisho. Antreprenere alikabiziwa kiwanja tarehe 17 Oktoba, na kontra inampa siku 90. Siku ya mwisho ni 15 Januari, kabla mavuno hayajajaa. Depo ilipokelewa tarehe 26 Februari. Siku za Januari zilizopita ni 16, za Februari ni 26. Amechelewa siku 42.

Wengi wetu tutasema mara moja: 42 mara 24, atoe dola 1 008. Tungoje kwanza. Siku zote za kuchelewa si zake.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilibeba daraja, simenti haikupita kwa siku 7. Antreprenere aliandika barua wiki ile ile, na komite ilienda kuona. Hiyo ni nguvu kubwa kupita uwezo wa mtu, na sheria haimulipishi mtu kwa jambo kama hilo. Lakini mvua ya kawaida ya Novemba haiingii hapo, kwa sababu kila fundi wa kwetu anaijua na anapaswa kuihesabu katika siku zake 90. Mtu anayekumbuka daraja mwezi wa pili, wakati wa kulipa, bila barua wala shahidi, itakuwa vigumu kumwamini.

Tena, koperative yenyewe ilitoa malipo ya pili siku 5 nyuma ya tarehe iliyoandikwa, na kazi ikasimama siku zile. Kosa hilo ni letu. Hatuwezi kumulipisha mtu kwa siku tulizomuzuia sisi wenyewe.

Basi 42, toa 7, toa 5, zinabaki 30. Mara dola 24, ni dola 720. Hiyo njo amandi ya haki, na hesabu ya namna hiyo inaweza kusimama hata mbele ya tribinale.

Kuna mambo matatu yanayoharibu madai ya koperative nyingi.

La kwanza ni barua ya onyo. Kwa sheria yetu, haitoshi tarehe ipite. Inafaa mumwonye antreprenere kwa maandishi kwamba amechelewa na kwamba amandi inaanza. Bila barua, anaweza kusema: mlinyamaza, nilijua mmenivumilia. Kama kontra inasema wazi kwamba tarehe ikifika amandi inaanza yenyewe bila onyo, hapo barua si lazima. Hata hivyo tunawashauri kuiandika, na apige sinyatire kwenye kopi yenu.

La pili ni pesa. Kama mumeshalipa dola 24 000 zote, amandi inabaki karatasi tu; mtamukimbiza mtu barabarani. Wekeni katika kontra kwamba sehemu kumi kwa mia inabaki kwenu kama garanti hadi kazi ipokelewe, na kwamba amandi inakatwa humo. Katika mfano wetu garanti ni dola 2 400. Toa 720, antreprenere anapata 1 680, na hakuna anayemwendea avoka.

La tatu ni siku ya kupokea. Musikubali funguo kwa furaha tu. Andikeni prose-verbali yenye tarehe, kazi iliyobaki, na maneno haya: koperative inapokea jengo, lakini inashika haki yake ya amandi. Mkipokea bila kuandika kitu, mnamupa njia ya kusema mlisamehe.

Mjue pia mipaka. Amandi mliyoikubali inafunga pande zote mbili. Kama hasara yenu ilifika dola 1 500, hamuwezi kudai zaidi ya 720 kwa kuchelewa kule. Kama ilikuwa dola 400 tu, yeye pia hawezi kusema imezidi. Lakini kama kazi ilifanyika nusu na nusu hiyo inawafaa, juji anaweza kupunguza. Njo maana hesabu ya siku inafaa kufanywa kwa akili, si kwa hasira.

Kontra nyingi zinaweka pia kikomo, mara nyingi sehemu tano kwa mia. Kwa dola 24 000 ni dola 1 200, na kwa dola 24 kila siku kikomo kinafika siku ya 50. Nyuma ya hapo antreprenere anaweza kulala, juu ya kuchelewa hakumugarimu tena kitu. Kwa hiyo ongezeni mustari mmoja: kikomo kikifika, koperative ina haki ya kuvunja kontra na kuita mwengine amalize.

Mustari wa amandi unaweza kuandikwa hivi: «Kama kazi haijapokelewa kwa tarehe iliyopangwa, antreprenere atalipa dola 24 kwa kila siku ya kuchelewa, bila onyo lingine, hadi dola 1 200. Siku za nguvu kubwa zilizojulishwa kwa barua katika siku 5, na siku za kosa la koperative, hazihesabiwe. Amandi itakatwa katika garanti.» Kama kontra yenu iko kwa Kifaransa, mustari huo uandikwe humo kwa Kifaransa, na usomwe kwa Kiswahili mbele ya wanachama kabla ya prezida kupiga sinyatire.