Tangazo la Dereva Daraja la II

Kibali cha ajira kikitoka, ubao wa matangazo wa halmashauri nyingi za Tanzania haukosi tangazo la dereva daraja la II. Maneno yake hayatofautiani sana kati ya wilaya moja na nyingine. Mwombaji awe na cheti cha kidato cha nne na leseni ya daraja E au C. Awe amepitia mafunzo ya msingi ya udereva VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Awe ameendesha magari kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Chini kabisa, kwenye masharti ya jumla, huja mstari ambao vijana huuruka na watu wazima huusoma kwanza: umri usizidi miaka 45, isipokuwa kwa waliokwisha kuajiriwa serikalini.

Sasa wasimamishe watu wawili mbele ya ubao huo. Wa kwanza ana miaka 23, cheti cha kidato cha nne anacho, VETA amemaliza mwaka jana. Wa pili ana miaka 44 na ameendesha daladala, kisha malori ya mikoani, kwa miaka 20. Kila mmoja akimtazama mwenzake anamwona amebarikiwa kuliko yeye, na wote wawili watakwenda nyumbani bila kuandika barua.

Kijana anakwama kwenye mwaka mmoja. Si kwamba hajashika usukani. Tangu atoke chuoni amekuwa deiwaka: dereva mwenye gari akichoka au akienda kula, yeye anapewa raundi mbili tatu, anaachiwa fedha kidogo, siku inakwisha. Ukizijumlisha siku hizo huenda zikapita mwaka. Lakini deiwaka hana mkataba, hakatwi mchango wa hifadhi ya jamii, na tajiri mwenye gari pengine hajui hata jina lake. Barua ya kuthibitisha uzoefu itaandikwa na nani? Kazi ameifanya, ila hakuna karatasi inayosema hivyo.

Mtu mzima hana shida hiyo. Matajiri watatu wako tayari kumwandikia. Yeye anakwama kwenye cheti, kwa sababu aliishia darasa la saba, kama wengi wa rika lake walioingia barabarani wakiwa wadogo. Kuanzia tarehe 20 Mei 2004 elimu ya kidato cha nne ndiyo imekuwa sifa ya chini ya kuajiriwa katika utumishi wa umma. Uzito wa tarehe hiyo ulionekana wakati wa uhakiki wa vyeti uliofanywa enzi za Rais John Magufuli. Watumishi wa darasa la saba waliondolewa kazini, na mwaka 2018 serikali ikaelekeza kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo warejeshwe. Aliyekuwa ndani kabla ya mstari alirudi kwenye gari lake. Aliyekuwa nje, hata kama ana uzoefu wa miaka 20, alibaki nje. Anaweza kusoma jioni na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini ana miaka 44, na mlango wa umri unafungwa mwakani.

Hiyo 45 yenyewe ina hesabu yake. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Ili alipwe pensheni ya kila mwezi na mfuko wa PSSSF, anatakiwa awe amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Toa 15 kwenye 60, unabaki na 45. Anayeingia akiwa na miaka 48 angestaafu bila kufikisha miezi hiyo, na ndiyo maana masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni hayampokei. Anaweza kuchukuliwa kwa mkataba wa muda maalumu, jambo ambalo ni zuri kwenye karatasi, ila matangazo ya aina hiyo kwa dereva wa kawaida hayaonekani mara nyingi.

Kwa hiyo vizuizi vyao havifanani hata kidogo. Cha kijana, angalau kwa nadharia, kinapungua kila mwezi anaofanya kazi kwa mtu atakayekubali kuandika barua. Cha mtu mzima kinaongezeka kila siku anayoishi.

Wapo wanaobeba vizuizi vyote viwili, nao ni walimu.

Kwa miaka mingi mwalimu aliyehitimu Tanzania hakuomba kazi. Alisubiri orodha ya serikali itoke, akatazama jina lake na mkoa aliopangiwa, akafunga begi. Utaratibu huo ulikatika katikati ya muongo uliopita. Mwaka 2016 ajira mpya serikalini zilisimamishwa ili kuwaondoa watumishi hewa, na mwaka uliofuata ikatoka orodha ya watumishi 9,932 waliodaiwa kuwa na vyeti vya kughushi. Ajira ziliporudi zilikuja kwa mafungu madogo, huku walimu wa sayansi na hesabu wakitangulizwa. Vyuo havikusimama kusubiri. Kila mwaka vilitoa wahitimu wengine, na wa masomo ya sanaa ndio waliorundikana zaidi.

Baadaye serikali ikaamua kwamba walimu nao wafanyiwe usaili na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kama ilivyo kwa kada nyingine. Nafasi 14,648 zilizofanyiwa usaili mwanzoni mwa 2025 ziliombwa na watu zaidi ya 200,000, karibu 14 kwa kila nafasi. Anayedhani huo ni msongamano na atazame Mamlaka ya Mapato mwaka huohuo: nafasi 1,596, waombaji zaidi ya 135,000. Na wakazi wa Dar es Salaam bado wanakumbuka Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walipoketishwa kwenye viti vya Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji.

Katika wingi huo mwajiri hana budi kuwa na chujio la haraka, na chujio la haraka ni mtihani wa kuandika. Sheria yake ni moja kwa wote: maswali yaleyale, dakika zilezile. Hapo ndipo waliohitimu zamani walipolalamika. Mapema mwaka 2025 walimu wasio na ajira waliomaliza kati ya 2015 na 2023 walijitokeza hadharani, chini ya umoja walioupa jina la NETO, wakipinga usaili huo. Hoja yao haikuwa kwamba hawajui kufundisha. Ni kwamba aliyemaliza chuo majuzi bado ana madaftari mezani na nadharia za ualimu kichwani, wakati wa 2015 ameshinda miaka yote hiyo kwenye bodaboda, kwenye genge la nyanya, au akifundisha shule binafsi kwa mshahara usiotosha nauli. Wakipimwa kwa maswali ya chuoni, wa majuzi ana faida.

Serikali nayo ina la kusema, na si hoja dhaifu. Foleni ya mwaka wa kuhitimu humpa kazi aliyesubiri zaidi, na aliyesubiri zaidi si lazima awe anayefundisha vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba hawa wa 2015 walihitimu chini ya kanuni moja na wanahukumiwa kwa nyingine. Aliyemaliza mwaka huo akiwa na miaka 25 alitimiza 35 mwaka 2025. Kwa Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007, inayomhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho wa kuitwa kijana. Kwa hesabu ya pensheni alibakiwa na miaka 10. Uzoefu rasmi wa kufundisha serikalini hana hata siku moja. Mtu huyu ana kasoro ya mhitimu mpya na kasoro ya mtu mzima kwa pamoja, bila faida ya yeyote kati yao.

Kwenye sekta binafsi mambo hayaandikwi wazi namna hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini, na umri umetajwa katika orodha ya misingi iliyokatazwa, kwa anayeomba kazi kama kwa aliyekwisha kuajiriwa. Lakini anayekataliwa haambiwi sababu. Haambiwi chochote, simu haiji.

Anayejua kinachotokea ndani ya chumba cha usaili anajua pia kwamba kigugumizi huanza mapema, kwenye salamu. Ofisa rasilimali watu ana miaka 29. Anaingia mhasibu wa miaka 50 ambaye kampuni yake ya zamani ilipunguza wafanyakazi. Adabu inamtaka ofisa aseme shikamoo, na akishaisema, ni vigumu kumgeuka mzee na kumuuliza mapungufu yake ni yapi. Hata lile swali la kawaida, unajiona wapi baada ya miaka mitano, linakuwa gumu: baada ya miaka mitano bwana huyu atakuwa na 55, umri ambao sheria inaruhusu kustaafu kwa hiari. Akitoka, wanaobaki mezani wanajiuliza kama atakubali mshahara mdogo kuliko wa zamani, na kama atapokea amri za mkuu wa idara anayelingana na mwanawe wa kwanza. Hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe. Pengine angekubali yote mawili.

Mhitimu wa miaka 24 hakuwa na tatizo la shikamoo. Yeye aliulizwa amewahi kufunga hesabu za mwaka za kampuni gani, akajibu alijitolea miezi minane kwenye ofisi moja akipanga risiti. Hofu ya waajiri juu yake ni kinyume kabisa: watamfundisha mwaka mzima, kisha aondoke na ujuzi wao kwenda kwa mwingine anayelipa zaidi. Ndiyo sababu tangazo linadai uzoefu wa miaka mitatu hata kwa kazi ambayo mtu mwerevu angeijua ndani ya miezi mitatu. Kila mwajiri anatamani gharama ya kumfundisha kijana ibebwe na mwajiri mwenzake.

Usiku wa siku hiyo wawili hawa wanarudi kwenye hali tofauti. Mhasibu alipoachishwa alistahili kiinua mgongo, ambacho sheria inakikokotoa kwa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, hadi miaka 10. Tena, kwa kuwa alichangia mfuko kwa zaidi ya miezi 18 na hakujiuzulu mwenyewe, anaweza kudai fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi 6. Kijana hana fao lolote, maana fao hilo ni la aliyepoteza kazi, naye hajawahi kuwa nayo. Anachonacho ni chumba kwa mama yake na mtu wa kumpikia. Mhasibu ndiye mwenye nyumba ya kulipia, watoto wawili shuleni, na kalenda ukutani ambako mwezi wa sita umeshazungushiwa wino.