Mchanga Unaopitisha Maji Husomwa Mkiani

Kimara, Dar es Salaam, ni mahali pa miteremko. Anayejenga huko mara nyingi hulazimika kuukata mlima kidogo, kisha akajenga ukuta wa kuzuia udongo usiporomokee nyumba. Nyuma ya ukuta huo fundi huacha nafasi na kuijaza kitu cha kupitisha maji, ili mvua ya masika inayozama ardhini iteremke hadi kwenye bomba lenye matundu na kutoka nje. Maji yakikwama pale, huusukuma ukuta kwa uzito wao wote, na ukuta uliokusudiwa kubeba udongo peke yake huanza kuinama.

Tuseme mwenye nyumba ameletewa malori mawili. La kwanza limebeba mchanga wa mto, chembe zake zinakaribiana ukubwa. La pili limebeba changarawe kutoka machimboni, yenye mawe ya ukubwa wa kidole gumba na rangi nyekundunyekundu. Watu wengi wangechagua changarawe bila kusita, kwa kuwa mawe ni makubwa na maji, wanafikiri, yatapita kati yake upesi. Huenda wakakosea, na kosa hilo linaonekana waziwazi kwenye karatasi moja tu: grafu ya kipimo cha chekeche.

Kipimo chenyewe ni rahisi kueleza. Fundi wa maabara huchota sampuli sehemu kadhaa za rundo, juu, katikati na chini, kwa sababu mchanga ukimwagwa na lori mawe makubwa hubiringika hadi chini na chembe laini hubaki juu. Sampuli huchanganywa, hugawanywa mafungu manne, na mafungu mawili yanayoelekeana huchukuliwa. Hukaushwa katika oveni yenye joto la nyuzi 105 hadi 110, hupimwa uzito, huoshwa juu ya chekeche lenye matundu ya milimita 0.075 hadi maji yatoke safi, kisha hukaushwa tena. Uzito uliopungua ni wa tope lililotoka na maji, nao lazima uhesabiwe. Baada ya hapo sampuli huwekwa juu ya machekeche yaliyopangwa, lenye matundu makubwa likiwa juu na lenye matundu madogo chini, na rundo zima hutikiswa. Kilichobaki katika kila chekeche hupimwa.

Chukua gramu 1,000 za mchanga wa mto. Kwenye chekeche la milimita 4.75 zimebaki gramu 20, kwa hiyo 980 zimepita, yaani asilimia 98. Kwenye chekeche la milimita 2.36 zimebaki gramu 80 nyingine, hivyo zimepita 900, asilimia 90. Unaendelea kutoa namna hiyo mpaka chini. Changarawe nayo ikifanyiwa hivyo, matokeo ni haya, kila namba ikiwa asilimia iliyopita:

| Tundu (mm) | Mchanga wa mto | Changarawe |
|---|---|---|
| 19 | 100 | 100 |
| 9.5 | 100 | 80 |
| 4.75 | 98 | 45 |
| 2.36 | 90 | 36 |
| 1.18 | 65 | 30 |
| 0.600 | 30 | 26 |
| 0.300 | 10 | 22 |
| 0.150 | 3 | 18 |
| 0.075 | 1 | 14 |

Kwenye grafu, asilimia iliyopita hupanda wima na ukubwa wa chembe hulala mlalo. Mhimili wa mlalo haugawanywi kama rula. Nafasi ya kutoka milimita 0.1 hadi 1 ni sawa na ile ya kutoka 1 hadi 10, ili vumbi na jiwe viweze kukaa kwenye karatasi moja. Kabla ya kusoma lolote, angalia pia upande wa chembe kubwa. Maabara zinazofuata desturi ya Kimarekani huziweka kushoto, na zile za desturi ya Kiingereza huziweka kulia.

Sasa soma umbo. Mstari wa mchanga wa mto unasimama wima katikati, kwani sehemu kubwa ya chembe zake ziko kati ya milimita 0.3 na 2.36. Mto umekwisha kuzichambua. Maji yamechukua tope na kuacha zilizolingana. Mstari wa changarawe unaporomoka kwanza, halafu unalala kama ngazi ndefu kutoka milimita 2.36 hadi 0.075. Mstari ukilala hivyo maana yake chembe za ukubwa huo ni chache. Hapa kuna mawe mengi juu, tope la kutosha chini, na mchanga kidogo katikati.

Kuzipa jina kunaanza na mipaka miwili. Katika mfumo uliokua kutokana na kazi ya Arthur Casagrande katika miaka ya 1940, changarawe ni chembe za milimita 4.75 hadi 75, mchanga ni za 0.075 hadi 4.75, na zilizo chini ya hapo ni tope au mfinyanzi. Katika lori la pili asilimia 45 tu imepita 4.75, kwa hiyo asilimia 55 ni changarawe, nayo inashinda mchanga. Lakini asilimia 14 imepita 0.075. Kwa mfumo huo, chembe laini zikizidi asilimia 12, udongo haupewi tena jina la changarawe safi. Huandikwa GM ikiwa laini hizo ni tope lisilonata, au GC ikiwa ni mfinyanzi unaoweza kufinyangwa ukawa uzi mwembamba kama wa milimita 3 bila kukatika.

Mchanga wa mto una asilimia 1 tu ya laini, kwa hiyo ni mchanga safi, na sasa umbo la mstari ndilo linaloamua herufi ya pili. Tunatafuta mahali mstari unapokata asilimia 10, 30 na 60. Ukubwa wa chembe pale huitwa D10, D30 na D60. Kwa mchanga wetu ni milimita 0.30, 0.60 na takriban 1.07. Gawanya D60 kwa D10, unapata 3.6. Ili mchanga uhesabiwe kuwa na mchanganyiko mpana wa chembe, namba hiyo inatakiwa ifike 6. Haikufika, kwa hiyo mchanga huu ni SP, na herufi P husomwa kama upungufu wa mpangilio.

Herufi hiyo huwaogofya watu bure. Mchanganyiko mpana, wenye herufi W, hushikana vizuri ukishindiliwa, kwa kuwa chembe ndogo hujaza mianya ya kubwa, na hilo ndilo linalotakiwa chini ya barabara. Nyuma ya ukuta tunataka mianya ibaki wazi. Kinachoitwa upungufu kule, hapa ni sifa.

Na hapa ndipo D10 inapochukua usukani. Maji hayapiti ndani ya mawe, hupita kwenye mianya iliyo baina yake, na upana wa mianya hiyo huamuliwa na chembe ndogo zilizoingia humo. Allen Hazen, aliyefanyia majaribio machujio ya mchanga ya maji ya kunywa huko Lawrence, Massachusetts, aliliona hilo na kulichapisha mwaka 1892. Kanuni yake ni fupi: chukua D10 kwa milimita, ijizidishe yenyewe, na jibu ni makadirio ya uwezo wa kupitisha maji kwa sentimita kwa sekunde.

k = D10 × D10

Kwa mchanga wa mto, 0.30 mara 0.30 ni 0.09. Maji yakishuka moja kwa moja, hiyo ni karibu lita 54 kwa dakika kupitia kila mita moja ya mraba. Kwa changarawe, jaribu kuitafuta D10. Haipo kwenye grafu. Mstari umefika chekeche la mwisho ukiwa bado kwenye asilimia 14, maana yake D10 iko chini ya milimita 0.075. Hata tungeipa ukubwa wa 0.075 kamili kwa kuihurumia, kanuni ingetoa lita zisizofika 4 kwa dakika, yaani mara 16 pungufu. Ukweli wake utakuwa chini ya hapo, na kanuni yenyewe haistahili kutumika tena, kwani huaminika kwa mchanga safi wenye D10 ya kuanzia milimita 0.1 hadi 3 na ambao D60 yake haizidi D10 mara 5 hivi. Mawe makubwa yaliyompendeza mnunuzi yanaelea ndani ya tope, na tope ndilo linaloshika mlango.

Hatari ya changarawe hii haiishii kwenye uvivu wa maji. Kwa kuwa chembe za katikati ni chache, tope halina kitu cha kulizuia kati ya mawe. Maji yanaweza kulihamisha kidogokidogo mpaka likazibe matundu ya bomba. Ukuta hupitisha maji mwaka wa kwanza, kisha hunyamaza.

Kosa la maabara linaloficha haya yote ni kuchekecha bila kuosha. Tope kavu hung'ang'ania mawe na kupimwa kama sehemu yake. Sampuli ileile yenye asilimia 14 inaweza kutoka na asilimia 3 au 4, na kwa grafu hiyo ya uongo changarawe itaonekana safi. Kwa hiyo uliza kama sampuli ilioshwa. Jumlisha pia uzito wa machekeche yote pamoja na tope lililooshwa: ikiwa gramu 1,000 zimerudi 970, kuna kilichomwagika.

Mchanga wa mto una swali moja la kujibu bado: je, udongo wa mlimani hautapenya ndani yake? Kanuni inayotokana na Karl Terzaghi inataka D15 ya mchanga isizidi mara 4 hadi 5 ya D85 ya udongo unaozuiwa. D15 ya mchanga wetu ni kama 0.36. Kama udongo wa mteremko una D85 ya 0.2, mara nne yake ni 0.8, na mchanga umepita. Kama udongo huo ni mfinyanzi mtupu, upimwe peke yake kwanza.

Chekeche lina mpaka wake. Halioni umbo la chembe wala jinsi zitakavyoshindiliwa, na jibu la Hazen ni makadirio. Kazi kubwa huhitaji kipimo cha kupitisha maji chenyewe. Lakini kwa kuchagua kati ya malori mawili, grafu imeshatoa hukumu: mchanga wa mto uende nyuma ya ukuta, changarawe irudi au itumike kwenye kujazia pasipohitaji kupitisha maji. Ukipewa karatasi kama hiyo, usianze na mawe makubwa. Nenda moja kwa moja kwenye mkia wa chembe ndogo, tazama ni asilimia ngapi imepita milimita 0.075, na kama mstari haukufika asilimia 10 kabla ya karatasi kwisha, usiulipie mzigo huo kwa kazi ya kutoa maji.