Kwa Nini Rangi ya Nywele Hufifia, na Jinsi ya Kuitunza

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 46, alifika kliniki ya ngozi akilalamikia kichwa kinachochoma. Alikuwa akipaka nywele rangi ya kahawia yenye wekundu ili kufunika mvi. Kwa kuwa rangi ilififia upesi, alikuwa akiirudia kila baada ya wiki mbili, kuanzia shinani hadi nchani. Ngozi yake ilikuwa imekauka na kuwa nyekundu, na nywele zilikatika zilipochanwa. Tatizo halikuwa katika rangi peke yake, bali katika kuirudia mara nyingi mno. Hivyo tiba ilihitaji kwanza kueleza rangi hiyo ilikuwa ikienda wapi.

Unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Rangi ya kudumu huchanganywa na amonia, au kemikali nyingine ya aina hiyo, ambayo huvimbisha unywele na kuyainua magamba. Kisha haidrojeni peroksaidi huziunganisha chembe ndogo za rangi zilizopenya ndani, zikawa kubwa na kunaswa humo. Hata hivyo, magamba hayo hayarudi kulala kama yalivyokuwa awali. Kila unywele unapolowa huvimba tena, na sehemu ya rangi hutoka na maji. Ndiyo maana nywele zilizopakwa mara nyingi hupoteza rangi haraka zaidi: anayerudia ili kuiokoa rangi huzidi kuifungulia mlango. Rangi nyekundu kwa kawaida ndizo hutangulia kufifia.

Mwalimu huyo alikuwa akiosha nywele kila baada ya siku moja, kwa maji ya moto na sabuni ya mche, kisha akizikausha juani saa sita mchana. Mambo hayo matatu yalirekebishwa moja baada ya jingine.

La kwanza ni maji. Joto huongeza kasi ya rangi kutoka ndani ya unywele. Maji yanayofaa ni ya vuguvugu: yakimwagwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, yasihisiwe kuwa ya moto. Maji ya baridi pia yanafaa. Muhimu zaidi ni idadi ya maosho, kwa kuwa maji yenyewe, hata bila sabuni, huondoa sehemu kubwa ya rangi inayopotea. Mwalimu alipunguza maosho kutoka takriban 15 kwa mwezi hadi manne.

La pili ni sabuni. Sabuni ya mche ina pH ya takriban 9 hadi 10, nayo huvimbisha unywele na kuyainua magamba. Shampuu laini yenye pH ya 5.5 au chini kidogo huyaacha yametulia. Shampuu zisizo na salfeti kali hukausha nywele kwa kiasi kidogo zaidi, lakini maandishi ya kuvutia kwenye chupa hayawezi kufidia kuosha kila siku. Shampuu ipakwe kwenye ngozi ya kichwa, na povu litiririke lenyewe hadi nchani. Kondishina ifuate baada ya kusuuza, ili kupunguza msuguano wakati wa kuchana.

La tatu ni jua. Miale yake huvunja chembe za rangi na kudhoofisha protini ya unywele. Kinga ya uhakika ni kitambaa kilichofumwa kwa kushikana, kama kanga au kilemba, au kofia yenye ukingo mpana. Nywele zikaushwe kivulini kwa taulo, kwa kukandamiza bila kusugua.

Kabla ya kurudia rangi, mashina yachunguzwe. Unywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Kwa hiyo weupe ulio shinani tu ni mvi mpya, wala si kufifia, na hakuna shampuu itakayouzuia. Hapo hupakwa mashina peke yake. Iwapo ncha ndizo zilizopauka, chanzo ni maosho, jua au uchakavu wa unywele.

Ngozi ya mwalimu ilipopona, alirudia rangi mashinani tu, kila baada ya wiki 6 hadi 8, na ncha zikabaki na rangi yake.

Utunzaji huu haumfai mtu mwenye mzio wa parafenilinidayamini, kemikali iliyomo katika rangi nyingi nyeusi na katika piko. Mwasho mkali, malengelenge, au uvimbe wa kope na masikio ndani ya siku 1 hadi 3 baada ya kupaka ni dalili zake. Mtu huyo aoshe rangi yote mara moja, asiirudie kamwe, na afike kituo cha afya. Akishindwa kupumua vizuri, apelekwe hospitali bila kuchelewa.