Ufa wa Lehemu: Kwa Nini Runinga Hupona kwa Kofi

Kiungo cha lehemu kilichopasuka hakiui chombo moja kwa moja. Chombo huzima na kuwaka kwa wakati wake, na mara nyingi hukataa kuonyesha ugonjwa siku kinapofikishwa kwa fundi. Katika runinga za chogo dalili inayojulikana zaidi ni picha kukunjika ghafla na kubaki mstari mmoja mweupe unaokatiza kioo katikati, huku sauti ikiendelea kama kawaida. Mwenye nyumba hupiga kofi ubavuni, picha ikafunguka, na taarifa ya habari ikaendelea. Baada ya muda kofi moja halitoshi tena.

Mstari huo una sababu yake. Picha ya runinga ya chogo huchorwa na mwale wa elektroni unaokwenda kulia na kushoto, na wakati huohuo kushuka kutoka juu hadi chini mara 50 kwa sekunde. Kazi ya kuushusha hufanywa na aisii moja, ambayo husukuma umeme kwenye nyaya za shaba zilizozungushwa shingoni mwa kioo. Mguu mmoja wa aisii hiyo ukiachana na bodi, mwale hauna wa kuushusha, hivyo picha yote hurundikana mahali pamoja. Aisii hiyo hufanya kazi ya nguvu na kupata moto kiasi cha kufungwa kwenye bapa la alumini la kuipoza, na moto huo ndio unaochosha lehemu yake.

Bodi za runinga hizo nyingi ni zile za kahawia, zenye shaba upande mmoja tu. Mguu wa kifaa hupita kwenye tundu, na kinachoushika ni kile kichuguu kidogo cha lehemu upande wa chini. Runinga ikiwashwa, aisii, alumini na bodi hutanuka, lakini si kwa kiasi kimoja. Mguu huvutwa kidogo. Ikizimwa, vyote hurudi na mguu husukumwa upande wa pili. Lehemu ya zamani, yenye bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, kwa hiyo mguu ukifika nyuzi 80 chuma hicho tayari kimelegea na hunyumbuka polepole kila kinapovutwa. Baada ya miaka ya kuwashwa na kuzimwa, hukatika kama waya uliopindwa huku na huku. Ufa huzunguka mguu wote na kuacha pete nyembamba ya kijivu.

Lehemu isiyo na risasi, iliyoenea baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia risasi katika vyombo vingi vya umeme kuanzia Julai 2006, huyeyuka kwenye nyuzi 217 au zaidi kidogo. Nayo hupasuka vilevile.

Ufa wenyewe hauonekani kwa urahisi kwa sababu nyuso zake mbili bado zinatazamana na kugusana mahali pachache. Hewa inayoingia huzifunika kwa utando wa oksidi usiopitisha umeme vizuri. Kofi, au kidole kinachobonyeza bodi, huipinda bodi kidogo sana. Nyuso za ufa husuguana, utando huchanika, na chuma hukutana na chuma. Umeme unapita. Lakini hakuna kilichoungana. Joto likibadilika tena nyuso huachana, oksidi hurudi, na kila mguso unaokatika hutoa cheche ndogo zinazochoma kingo za ufa. Ndiyo maana kiungo cha muda mrefu huwa cheusi na bodi kuzunguka mguu huungua. Kofi lenyewe hurefusha ufa na hutikisa viungo vingine vilivyokuwa vimeanza kuchoka.

Namna hitilafu inavyokuja humsaidia fundi kuliko kofi lolote. Runinga inayogoma asubuhi na kupona ikishapata moto ina ufa unaozibwa na kutanuka kwa bodi. Inayowaka vizuri na kukunja picha baada ya nusu saa ina ufa unaofunguliwa na joto, ingawa kifaa chenyewe kilichochoka kinaweza kufanya hivyo pia. Wakati wa kusubiri, mwanga wa picha upunguzwe, maana mstari mmoja mkali huunguza kioo na kuacha alama isiyofutika.

Kuifungua runinga si kazi ya mtu asiyezoea. Kapasita kubwa ya sehemu ya umeme wa ukutani hubeba volti zinazokaribia 325 hata plagi ikiwa imechomolewa, na kioo chenyewe hufanya kazi kwa volti elfu 20 na zaidi. Fundi huchomoa plagi, huondoa umeme wa kapasita kwa kuipitishia rezista au balbu ya nyuzi, na hupima kuhakikisha umekwisha. Kisha husafisha upande wa chini wa bodi kwa spiriti na mswaki, humulika taa kwa ubavu, na kutazama kwa lenzi miguu ya vifaa vizito na vinavyopata moto. Pete ya kijivu huonekana vizuri zaidi kifaa kikisukumwa kidogo kutoka upande wa juu: mguu husogea, lehemu ikabaki.

Mita hudanganya hapa. Ncha yake ikiwekwa juu ya kiungo, inakibonyeza na kuziba ufa uleule unaotafutwa. Ni afadhali ncha moja iguse mguu upande wa juu wa bodi, na nyingine iguse njia ya shaba mbali na kiungo.

Kosa la kawaida ni kupitisha pasi ya kulehemu juu ya kichuguu mpaka king'ae. Uchafu na oksidi hubaki ndani, na baada ya miezi ufa hurudi palepale. Kwanza huangaliwa kama skrubu za alumini zimelegea, zikazwe, ili miguu isiendelee kubeba uzito. Kisha lehemu ya zamani hunyonywa yote kwa pampu, mguu husafishwa mpaka ung'ae, na flaksi hupakwa. Pasi yenye joto la nyuzi 350 hivi hugusa mguu na shaba kwa pamoja, na waya wa lehemu hupelekwa penye kiungo kilichopashwa, si kwenye ncha ya pasi. Sekunde mbili tatu hutosha, na mguu haguswi mpaka lehemu igande. Kiungo kizuri hupanda mguu kwa mteremko laini. Kilichojikunja kama tone hakijashika. Shaba ikiwa imebanduka, kipande cha waya hutoka kwenye mguu hadi sehemu nzima ya njia hiyo.

Katika kompyuta mpakato kazi ni ngumu zaidi, kwani aisii kubwa hukaa juu ya vitone vya lehemu vilivyofichika chini yake. Kuipasha kwa hewa ya moto huirudishia uhai kwa muda, kwa sababu ileile ya kofi, na mara nyingine ufa umo ndani ya aisii yenyewe, hivyo dawa ni kuibadilisha.

Runinga iliyolehemiwa upya hufungwa kifuniko na kuachwa iwake saa mbili au tatu, kisha huzimwa ipoe kabisa na kuwashwa tena. Picha ikikunjika katika mzunguko huo, kiungo kingine kinatafutwa, kwa kawaida pale waya wa nyaya za shingoni unapochomekwa kwenye bodi.