Utangulizi: Barua Inayosindikiza Faili

Sehemu hii ya uandishi wa ofisini inahusu barua fupi anayoandikiwa mteja aliyetarajia faili la aina moja akaletewa la aina nyingine. Swali lake kuu ni moja: mteja ajue nini kabla hajaligusa faili?

Tuchukue SACCOS moja nchini Tanzania. Iliomba orodha ya wanachama katika Excel, ikatumiwa CSV, kwa kuwa mfumo wa bima utakaopokea orodha hiyo husoma CSV tu. CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Hayasemi kwamba safu fulani ni kitambulisho, si kiasi cha kujumlisha. Mteja akilibofya faili mara mbili, kwa kawaida Excel hujiamulia yenyewe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, lakini Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Namba hiyo ikiwa imeandikwa bila vistari, tarakimu 5 za mwisho hugeuka sifuri, na kwenye skrini huonekana kitu kama `1.98507E+19`. Namba ya uanachama 004518 nayo hubaki 4518. Akifunga bila kuhifadhi, faili limesalimika. Akihifadhi, tarakimu hizo zimepotea, na kupanua safu hakuzirudishi.

Barua inayomfaa mteja huyu inaweza kuwa hivi:

Ndugu Katibu,

Orodha uliyoomba imeambatishwa, ila ipo katika CSV badala ya Excel, kwa sababu mfumo wa bima haupokei aina nyingine. Tafadhali usiibofye mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda `Data`, kisha `From Text/CSV`, uchague faili. Kwenye `File Origin` chagua `65001: Unicode (UTF-8)`. Kwenye `Data Type Detection` chagua `Do not detect data types`. Kisha bonyeza `Load`. Majina ya safu yakishuka hadi mstari wa kwanza wa orodha, usijali. Kabla ya kuhifadhi, tazama namba za NIDA: zote zikiishia na sifuri 5, funga bila kuhifadhi, unipigie.

Barua hii ina mambo matatu: sababu, hatua na kipimo. Sababu imemalizika kwa sentensi moja, kwani mteja anataka tu kujua kwamba hakuletewa faili kimakosa. Majina ya vitufe yameandikwa kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili asikisie. Kipimo ndicho waandishi wengi husahau, ilhali ndicho kinachomwezesha mteja kugundua hitilafu wakati bado inarekebishika.

Hata hivyo, hatua hizo ni za Excel ya kompyuta ya Windows. Mteja anayelifungua faili kwenye simu hatavikuta vitufe hivyo, kwa hiyo muulize kwanza anatumia nini. Na barua yenyewe iandike ndani ya baruapepe. Ukiiambatisha pembeni, huenda akaanza kulifungua faili kabla ya kuisoma.